Kuangalia kwanza, kufunga baadaye

Mtalii anayetaka kuona nyumbu wakivuka mto Mara kule Kogatende au Lamai, kati ya Julai na Oktoba, haamui kwa siku moja. Leo anatafuta Google, anafungua tovuti ya kambi, anasoma bei na kuondoka. Miezi minne baadaye anarudi kutafuta tena, na safari hii ana tarehe mkononi. Kambi ndogo za Robanda na Mugumu zinazolipia matangazo ya utafutaji humpata au humkosa hapo, kwenye utafutaji wa pili. Mjini Mugumu nimemwona kijana anayeiendesha kazi hii kwa utulivu ninaoupenda sana.

Tovuti ya kambi hutengeneza orodha ya watu waliowahi kuitembelea. Orodha hiyo ikipachikwa kwenye kampeni ya utafutaji, Google Ads inataka uchague kati ya njia mbili. Ukichagua Observation, yaani uangalizi, tangazo linaendelea kuonekana kwa kila anayetafuta maneno yako, ila wageni wa zamani wanahesabiwa kwenye mstari wao. Ukichagua Targeting, yaani ulengaji, tangazo linaonekana kwa walio kwenye orodha peke yao. Ni kitufe kimoja, na wengi hukibonyeza bila kusoma.

Kijana huyu huanza na uangalizi kila mara. Kwanza kabisa anatazama muda wa mtu kukaa kwenye orodha. Siku 30 zinamtosha muuza viatu, lakini mtalii wa Agosti huenda alianza kuuliza Januari, kwa hiyo anauongeza hadi siku 540, kikomo cha orodha za utafutaji. Kisha anasubiri. Miezi miwili imepita: mibofyo 1,200 kwa dola 1.50 kila mmoja, jumla dola 1,800, na maombi 24 ya nafasi. Kwa wastani kila ombi limegharimu dola 75. Anapofungua mstari wa orodha, anakuta wageni wa zamani wamebofya mara 150 tu, kwa dola 225, lakini wameleta maombi 9. Ombi lao moja ni dola 25. Kwa wale wengine, ombi moja ni dola 105. Ule wastani wa 75 ulikuwa umeficha makundi mawili yasiyofanana hata kidogo.

Hapa mwenye haraka angepandisha dau la wageni wa zamani mara nne, kwa sababu ndivyo wanavyozidi kuomba. Yeye ameongeza asilimia 40, kutoka dola 1.50 hadi 2.10. “Maombi tisa bado ni machache, kaka,” aliniambia. “Mawili yakipungua, hesabu yote inabadilika.” Nakubaliana naye kabisa.

Ulengaji anautunzia kampeni nyingine, yenye maneno mapana kama “safari Tanzania”. Kambi ya mahema kumi haiwezi kushindania maneno hayo na kampuni kubwa za Arusha. Lakini akiyafungia kwa watu waliokwisha kuiona tovuti yake, anayelipiwa ni yule anayelijua jina la kambi. Waliokwisha kutuma ombi anawaondoa kwa orodha ya pili, wasiendelee kulipiwa bure. Alitaka kulenga waliofungua ukurasa wa bei peke yao, ila orodha hiyo ilikuwa ndogo mno. Kwa miaka mingi Google ilidai watu 1,000 walio hai ndani ya siku 30 kabla orodha haijatumika kwenye utafutaji, na tovuti ya Mugumu haikufika huko kwa ukurasa mmoja. Basi alichukua wageni wote, akijua wamo waliopita njia tu.

Kosa linaloua kampeni ni kuweka ulengaji kwenye kampeni kuu. Hakuna onyo jekundu. Gharama kwa ombi inashuka na mwenye kambi anafurahi, huku wageni wapya hawalioni tangazo tena. Taratibu orodha yenyewe inakauka, kwa kuwa hakuna wapya wa kuijaza. Dalili iko kwenye idadi ya mara tangazo lilipoonekana: inaporomoka siku moja, na historia ya mabadiliko inaonyesha siku hiyohiyo mtu aligusa kile kitufe.

Kampeni ikiachiwa Google ipange dau yenyewe, ile asilimia 40 haihesabiwi tena, na uangalizi unabaki kuwa wa kusomea takwimu. Ulengaji lakini hauguswi: uliowafungia nje wanabaki nje. Ndiyo maana kila anapohamisha kampeni kwenda mfumo huo, kijana huyu hufungua kwanza ukurasa wa orodha na kusoma njia iliyochaguliwa, kundi moja la matangazo baada ya jingine, kabla hajagusa kitu kingine.