Mapigo Kwanza, Oksijeni Baadaye

Kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni huonyesha namba mbili. Aliye na mgonjwa nyumbani hukimbilia ile iliyoandikwa SpO2, kwa sababu ndiyo inayotisha. Anayekijua kifaa hiki huanza na ile nyingine, iliyoandikwa PR, yaani mapigo ya moyo kwa dakika. Kipimo hakiwezi kujua oksijeni ya mtu kabla hakijayapata mapigo yake. Kikiyakosa, oksijeni kinayoonyesha ni ya kubahatisha. Tena mapigo yana faida ambayo oksijeni haina: unaweza kuyahesabu mwenyewe kwa vidole vyako na saa ya ukutani, ukajua kama mashine inasema kweli.

Sababu imo katika utendaji wake. Upande mmoja wa kibanio una taa mbili ndogo, moja nyekundu na nyingine yenye mwanga usioonekana kwa macho. Upande wa pili una kipokezi cha mwanga huo baada ya kupita kidoleni. Nyama, mfupa na kucha hunyonya mwanga kwa kiasi kilekile muda wote, lakini damu ya ateri huongezeka na kupungua kwa kila pigo la moyo. Mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1970 kwamba ukiyashika mabadiliko hayo ya kila pigo na kuviacha vingine vyote, unaweza kulinganisha taa mbili na kupata kiwango cha oksijeni bila kumtoa mtu damu.

Sasa kidole kikitikisika, kipimo hudhani mtikisiko ule ndio mapigo. Mtikisiko hubadilisha mwanga wa taa zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana, na hesabu ya ndani ya kifaa ikikuta taa mbili zinabadilika sawasawa, jibu lake huwa karibu na 85. Ndiyo maana mgonjwa anayetetemeka kwa homa anaweza kuonyesha 84, 85, 86, watu wakaanza kulia nyumba nzima, kumbe kipimo kimesoma kutetemeka tu. Lakini 85 ya kweli nayo ipo, na inaua. Ya kweli na ya uongo zinatenganishwa na mapigo.

Tuanze dukani. Kariakoo vipimo hivi vinauzwa kwenye maduka ya vifaa tiba, na vingine utavikuta katikati ya chaja na redio ndogo. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ndiyo inayosimamia vifaa hivi nchini, kwa hiyo nunua kwenye duka linalotoa risiti na linaloweza kukueleza bidhaa imeingiaje. Hata hivyo boksi zuri halithibitishi kitu. Vipo vidude ambavyo ndani havina kipimo chochote, vinatoa 98 na 76 kwa yeyote atakayeingiza kidole. Wengi huvijaribu kwa kuingiza kalamu: kikionyesha 98 tulivu kwenye kalamu, kirudishe. Hilo ni jaribio zuri, ila halitoshi, kwa sababu kidude cha uongo kinaweza kutengenezwa kisiwake mpaka kione kidole.

Jaribio ninaloliamini zaidi linahitaji mashine ya presha, na duka linalouza kimoja mara nyingi linauza na kingine.

"Kaka, naomba univalishe na mashine ya presha, mkono huuhuu wenye kipimo."

"Ya nini tena, dada? Huu mzigo orijino."

"Najua. Nataka kuona kitakavyofanya damu ikikatika."

Weka kipimo kidoleni, subiri namba zitulie, kisha bonyeza mashine ya presha ijaze mkanda. Mkanda ukibana kupita presha ya juu ya mtu, damu haifiki tena kidoleni. Kipimo cha kweli kitaning'inia na namba za mwisho kwa sekunde chache, halafu kile kijimstari kinachopanda na kushuka kwa kila pigo kitalala, na namba zitapotea au kugeuka vistari. Mkanda ukilegea, mapigo yanarudi. Kinachoendelea kuonyesha 98 na 76 kwenye mkono usiopitisha damu, kiache palepale kaunta. Jaribio hilo pia linakufundisha jambo la nyumbani: usimpime mgonjwa presha na oksijeni kwa mkono mmoja kwa wakati mmoja.

Kupima kwenyewe kunataka utulivu. Mgonjwa akae, si dakika ileile aliyopanda ngazi za ghorofa. Apumzike kama dakika tano. Kiganja kilale mezani au kifuani, usawa wa moyo. Kidole cha kati au cha shahada kiingie mpaka mwisho, kucha ikitazama juu, kisha mtu asiongee wala kuchezesha mkono. Namba ya kwanza inayotokea usiichukue. Subiri nusu dakika hadi dakika nzima, kijimstari kiwe kinapanda kwa mdundo ulio sawa, ndipo usome. Ukikaa dirishani penye jua kali, funika mkono kwa khanga, maana mwanga wa nje nao huingia kwenye kipokezi.

Mambo mawili ya mji wetu huharibu vipimo kuliko mengine. La kwanza ni mikono. Piko nyeusi kwenye ncha za vidole, rangi nzito ya kucha na kucha za bandia huuzuia mwanga. Hina nyekundu haina tatizo kubwa, piko ndiyo mbaya. Tafuta kidole ambacho hakikupakwa, au geuza kibanio kikae ubavuni mwa kidole mwanga usipitie kwenye kucha. La pili ni baridi. Joto la Dar linatudanganya kwamba hapa hakuna mikono baridi, lakini mtu aliyekuwa akisafisha samaki wa barafu kutoka Feri, au aliyelala chini ya kiyoyozi, mishipa ya vidole vyake imejibana na damu inayofika ni kidogo. Ukiugusa mkono ukakuta ni wa baridi, upashe moto kwanza. Vipimo vingine vina namba ya tatu iliyoandikwa PI, inayoeleza nguvu ya mapigo kidoleni. Ikikaa chini sana, mfano 0.3, usiziamini sana zile nyingine mbili.

Chukua mfano wa bibi wa miaka 68, anayeishi ghorofa ya tatu Gerezani, ana kikohozi siku ya nne. Mjukuu anamvisha kipimo: SpO2 86, PR 52. Kabla ya kupiga kelele, anasema, "Bibi, naomba na mkono wa pili," kisha anaweka vidole viwili kwenye kifundo chini ya dole gumba na kuhesabu kwa dakika nzima. Anapata 98. Kipimo kimesema 52, karibu nusu. Kwa hiyo kimekosa pigo moja katika kila mawili, na ile 86 haina mahali pa kusimama. Anauangalia mkono wenye kipimo: piko mpaka kwenye kucha, vidole vya baridi. Anausugua, anahamia kidole cha kati cha mkono mwingine kisicho na piko, anasubiri kijimstari kitulie. Sasa kinasoma 93, PR 97. Mkono unasema 98, kipimo kinasema 97. Tofauti ya pigo moja au mawili ni ya kawaida. Ingezidi matano angerudia.

Mjukuu huyo ameondoa hofu ya uongo, ila hajapata habari njema. Kwa mtu mwenye mapafu mazima, hapa usawa wa bahari, oksijeni inatakiwa iwe 95 au zaidi. Bibi ana 93 iliyothibitishwa, na moyo wake unakimbia ukiwa umepumzika. Akimhesabia na pumzi akakuta 26 kwa dakika, haendi kulala, anakwenda hospitali leo.

Kosa jingine ni la macho tu. Skrini ya vipimo vingi hugeuka, na ukiisoma kwa upande wa pili, 98 inakuwa 86, na 86 inakuwa 98. Kosa hilo la pili ndilo la kuogopa, kwa sababu linakulaza usingizi. Soma maandishi ya SpO2 kwanza. Yakiwa yamesimama wima, na namba imesimama wima. Maandishi hayo pia yatakuzuia kuchanganya mapigo 98 na oksijeni 88, jambo linalotokea sana usiku taa zikiwa hafifu.

Kuna hali ambazo mapigo yanalingana, mkono ni wa moto, kila kitu kiko sawa, na bado namba ya oksijeni inapotosha. Inayotuhusu sana sisi ni ngozi. Desemba 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walichapisha ulinganisho wa kipimo cha kidole na damu ya ateri. Kati ya vipimo vilivyosoma 92 hadi 96, kwa wagonjwa weusi kama 12 katika kila 100 damu yao ilikuwa chini ya 88 kwa kweli; kwa wazungu ni kama 4. Ngozi yenye rangi nyingi inaweza kukifanya kipimo kizidishe. Kwa hiyo 93 ya mtu mweusi isomwe kwa tahadhari zaidi, na 90 isisubiriwe kabisa.

Nyingine ni moshi. Mtu aliyelala na jiko la mkaa chumbani, au aliyefungiwa dukani na jenereta, damu yake inabeba kaboni monoksidi mahali pa oksijeni, na kipimo hakiwezi kuitofautisha. Kitaonyesha 98 kwa mtu mwenye kichwa kinachopasuka na anayetapika. Hapo itupe namba, mtoe nje na mkimbize hospitali. Upungufu wa damu nao hufanana na hilo kwa upande mmoja: kipimo kinaeleza asilimia ya hemoglobini iliyobeba oksijeni, hakielezi hemoglobini yenyewe ni kiasi gani. Mwenye selimundu aliyeishiwa damu anaweza kusoma 97 huku hawezi kutembea hatua kumi.

Ukishapata namba uliyoihakiki, iandike pamoja na saa, kidole, mapigo ya kipimo, mapigo uliyohesabu mkononi, na pumzi kwa dakika. Pima asubuhi na jioni kwa kidole kilekile. Ikishuka pointi tatu au zaidi kutoka kwenye kawaida ya mtu huyo, au ikiwa chini ya 94, mtafute daktari siku hiyo. 90 kushuka chini ni dharura, usiku au mchana. Wenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu wafuate kiwango walichopewa na daktari wao. Na mtu anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, asiyeweza kumaliza sentensi, au ambaye ndani ya midomo na ulimi vimegeuka rangi ya majivu, anaondoka nyumbani hata kama kipimo kinasema 97 na mapigo yanalingana.