Saa moja na nusu ya upatanisho wa benki

Upatanisho wa benki hauonekani kazi ngumu kwa anayepita. Mhasibu amekaa, kwenye kioo kuna majedwali mawili, taarifa ya benki upande mmoja na leja ya kampuni upande wa pili, na kila kiasi kilichoingia benki kinatafutiwa mwenzake kwenye leja. Ugumu huanza pale mteja wa jumla anapolipa kwa mkupuo. Benki inaonyesha zimeingia shilingi 7,400,000, na hakuna ankara hata moja yenye kiasi hicho. Mhasibu anapekua ankara za mteja huyo: anaishika kichwani 3,150,000, anaiongezea 2,600,000, inabaki 1,650,000, anaanza kuitafuta. Kabla hajaiona simu inawaka mezani. Kamati ya harusi ya binamu imetuma orodha mpya ya ahadi za michango. Hajibu, anatazama tu, lakini akirudi kwenye jedwali zile tarakimu hazipo tena kichwani.

Hii ndiyo iliyokuwa hali ya mhasibu kijana wa kampuni moja ya usambazaji jijini Dar es Salaam. Jina lake naliacha. Ofisi yao haina kuta ndani: meza ndefu, watu wa mauzo upande huu, fedha upande ule, mkuu wa idara akiwa amekaa mwisho wa meza hiyohiyo. Upatanisho uliotakiwa kumalizika mapema kila mwezi ulikuwa ukiburuzwa hadi karibu na tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya VAT, na hapo ndipo makosa yalipozaliana. Alilitatua tatizo hilo kwa mpango wa pili. Mpango wa kwanza ulimshinda, na namna ulivyomshinda ndiyo iliyofundisha zaidi.

Mpango wa kwanza ulikuwa ule ambao kila mtu huufikiria: kuzima arifa zote na kuigeuza simu kifudifudi mezani. Haukudumu. Mkuu wa idara alimtumia ujumbe wa WhatsApp akiulizia hundi ya msambazaji, hakupata jibu, akaja hadi kwenye kiti chake kwa hasira. Tangu hapo binti akawa anaigeuza simu kila baada ya muda mfupi kuhakikisha hajatafutwa. Kwa maneno mengine, arifa zilinyamaza na usumbufu ukaongezeka. Watafiti Fitz, Kushlev na Ariely walichapisha mwaka 2019 jaribio lililoonyesha jambo la namna hiyo: watu waliopelekewa arifa zao kwa mafungu, mara tatu kwa siku, walijisikia watulivu na makini zaidi, ilhali walionyimwa arifa kabisa walipata wasiwasi zaidi. Mtu asiyejua lini ataona ujumbe wake hutumia akili kuungoja.

Akaanza upya kwa kuchunguza. Aliweka karatasi kando ya kibodi, na kila alipoishika simu aliandika herufi moja: S kama simu ndiyo iliyomwita, M kama aliichukua mwenyewe. Hakujaribu kujizuia, aliandika tu. Baada ya siku chache M zilikuwa zimejaa kuliko S, na hazikutawanyika ovyo. Zilirundikana penye malipo ya mkupuo, pale hesabu ilipokataa. Gloria Mark, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliyefuatilia wafanyakazi wa ofisini kwa miaka mingi, aliwahi kukuta kwamba karibu nusu ya kukatizwa kazi hutoka kwa mtu mwenyewe. Kwa huyu binti hali ilikuwa mbaya zaidi ya hapo, maana Instagram ilikuwa mahali pa kukimbilia kila ankara isipopatikana.

Hivyo alikuwa na matatizo mawili yaliyofanana kwa nje. S ilihitaji makubaliano na watu. M ilihitaji umbali.

Aliianza S kwa kuongea na mkuu wake, wala si kwa simu. Nadhani hapa ndipo vijana wengi wanapokosea njia, wanaingia kwenye mipangilio ya simu kabla hawajaongea na anayewatafuta. Alimwendea asubuhi.

“Shikamoo, bosi. Naomba nikueleze jambo la upatanisho.”

“Marahaba. Umekwama?”

“Sijakwama, ila nakatika sana. Naomba kuanzia saa tatu na nusu hadi saa tano asubuhi nisifungue WhatsApp. Saa tano kamili nasoma zote na kujibu.”

“Na nikikutaka hapo katikati?”

“Nipigie laini ya kawaida. Itaita.”

Mkuu alikubali kwa sharti moja: wiki ya mwisho kabla ya tarehe 20 utaratibu usimame, kwa sababu siku hizo yeye mwenyewe ana maswali kila saa. Nguvu ya makubaliano haya iko katika kutenganisha njia. Kabla ya hapo hundi ya dharura na picha za harusi zilipita mlango mmoja wa WhatsApp, zikilia mlio uleule, kwa hiyo hakuna kilichoweza kupuuzwa. Sasa jambo la haraka lina njia inayomgharimu kidogo anayeitumia: lazima apige na aongee. Mengi yaliyoitwa ya haraka yaligundulika kwamba yanaweza kungoja saa tano.

Baada ya hapo ndipo simu ilipoguswa. Yake ni ya Android. Kwenye Do Not Disturb aliruhusu simu za watu aliowawekea nyota tu: mkuu wa idara, mama yake, na shule ya mdogo wake anayemlea. Aliwasha pia Repeat callers, ambayo humruhusu mtu yeyote apite akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15. Kwenye iPhone muda huo ni dakika 3, tofauti inayofaa kujulikana na anayempigia. Kisha kwenye Digital Wellbeing akafungua Focus mode, akachagua WhatsApp, Instagram na TikTok, akapanga zisimame zenyewe kwa muda ule kila siku ya kazi. Kwa kuwa WhatsApp nzima imesimamishwa, hakutegemea simu zinazopigwa kupitia humo, ndiyo maana aliisisitiza laini ya kawaida. Siku ya kwanza alimwomba mwenzake apige mara mbili mfululizo kuona kama itaita. Jaribio hilo ni la lazima, kwa sababu mara ya kwanza haikuita: mlio ulikuwa umeshushwa hadi mwisho.

Focus mode ina udhaifu wake. Kuna kitufe cha Take a break kinachofungua kila kitu kwa dakika 5, 15 au 30, na mtu aliyekwama kwenye ankara atakibonyeza bila hata kufikiri. Ndipo umbali unapoingia. Simu ilihamia ndani ya mkoba, mkoba ndani ya kabati la chuma la mafaili hatua kadhaa kutoka mezani. Kuna utafiti uliovuma wa mwaka 2017, wa Adrian Ward na wenzake, uliosema simu ikiwapo tu mezani, hata ikiwa kimya, hupunguza uwezo wa akili. Waliorudia majaribio ya aina hiyo hawakupata matokeo yaleyale kila mara, kwa hiyo mimi singejenga hoja juu yake. Sababu ya kabati ni nyepesi kuliko hiyo: ukiinuka kwenda kuchukua simu unajiona unainuka, na jirani anakuona. Mtetemo aliuzima baada ya asubuhi moja tu, kwani simu ikitetemeka juu ya chuma safu nzima inadhani mashine ya kuchapa imeharibika.

Umbali huo ulizua tatizo ambalo hakulitarajia. Kuingia kwenye tovuti ya benki kunahitaji namba ya siri ya mara moja inayoletwa kwa ujumbe mfupi kwenye simu ileile iliyofungiwa kabatini. Suluhisho likawa kuandaa kila kitu kabla ya saa tatu na nusu: taarifa za benki za akaunti zote na za malipo ya simu zimeshapakuliwa, ziko kwenye folda moja, na kivinjari kimefungwa. Kufunga kivinjari kulimsaidia kwa jambo lingine pia. Alikuwa na kawaida ya kuiacha WhatsApp Web wazi, na kichwa cha kichupo huonyesha idadi ya mazungumzo yasiyosomwa kwenye mabano. Simu inaweza kuwa kabatini, lakini ile (4) juu ya kioo inafanya kazi ya arifa kwa ukamilifu.

Zilibaki kuta ambazo hazipo. Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard walifuatilia kampuni mbili kubwa zilizohamia ofisi za wazi, wakachapisha matokeo mwaka 2018: mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na mawasiliano ya kielektroniki yakaongezeka. Katika idara ile ya fedha ilikuwa hivyohivyo, mtu wa meza ya pili anatuma ujumbe badala ya kugeuka. Kwa hiyo WhatsApp ilipofungwa, baadhi ya jumbe ziligeuka watu waliosimama nyuma ya kiti. Binti hakuwafukuza, asingeweza, wengine ni wakubwa zake. Alichofanya ni kuandika mstari mmoja kwenye karatasi kabla ya kugeuka: “7.4m, nimepata 3.15 na 2.6, natafuta 1.65.” Sophie Leroy, aliyeeleza mwaka 2009 jinsi mabaki ya kazi uliyoiacha yanavyoendelea kushika akili, alionyesha baadaye na Theresa Glomb kwamba kuandika kwa ufupi ulipofikia na utakapoendelea kabla ya kuhama huyapunguza mabaki hayo. Mstari ule huchukua sekunde chache, na mgeni hungoja bila kuona amedharauliwa.

Je, alijuaje kwamba inafanya kazi? Hakupima dakika za kioo, ambazo simu huzihesabu yenyewe, kwa sababu zinaweza kupungua huku leja ikiwa palepale. Alihesabu vitu viwili mwisho wa kila asubuhi: miamala ambayo bado haijapata mwenzake, na tofauti zinazogawanyika kwa 9. Wahasibu wanaijua hii ya pili. Tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, tofauti yake hugawanyika kwa 9 bila masalia: 4,530,000 ikiandikwa 4,350,000, pengo ni 180,000, na ukigawa unapata 20,000 kamili. Ni kosa la macho yaliyoondoka na kurudi katikati ya namba. Tofauti hizo zilipopungua alijua kwamba umakini umerudi, hata kabla upatanisho haujaanza kumalizika mapema.

Mwenzake wa mauzo aliuiga mpango mzima na ukamkataa ndani ya wiki, kwani kazi yake ni jumbe zenyewe, maduka yanaagiza kwa WhatsApp tangu asubuhi. Kilichomfaa ni kipande chake tu: anapotayarisha makisio ya mwezi, mwenzake wa meza anaishika simu ya oda kwa nusu saa, kisha wanabadilishana zamu.