Namba za Marejeo Ziandikwe Mwisho

Rasimu ya ripoti ya mgonjwa ilikuwa na kisa kizuri. Mtoto wa miaka 2 anatokwa na udenda na kukataa chakula, anatibiwa kama mgonjwa wa koo, kisha eksirei inaonyesha kitu cha duara kwenye umio. Kinadhaniwa kuwa sarafu, hadi daktari anapoona ukingo wake una duara mbili, moja ndani ya nyingine. Hiyo ni dalili ya betri bapa. Tatizo ni kwamba habari za mtoto na habari za vitabuni zilikuwa zimechanganywa, na jarida lilitaka ikisiri, maelezo ya mgonjwa, mjadala na marejeo, kila kimoja mahali pake.

Kabla ya kuhamisha chochote, kila namba ya rejeo iliondolewa, pakawekwa jina la mwandishi na mwaka. Kisha kila sentensi iliulizwa: hili lilimpata mtoto huyu, au linajulikana kutoka kwa tafiti za wengine? Sentensi moja, ambayo katika rasimu ilisomeka hivi, ilikuwa na yote mawili: "Betri ilitolewa, na kwa kuwa umio huweza kuanza kuungua ndani ya saa 2 [3], mtoto alilazwa." Ilikatwa sehemu mbili. Kutolewa kwa betri na kulazwa kulibaki kwenye maelezo ya mgonjwa, tarehe zikigeuzwa kuwa "siku ya 1" na "siku ya 3" ili mtoto asitambulike. Habari ya saa 2 ilikwenda kwenye mjadala.

Hapo ndipo namba zingevurugika. Kwa mtindo wa Vankuva, rejeo hupewa namba kwa kufuata lilipotajwa mara ya kwanza, si kwa alfabeti. Katika mjadala, habari ya saa 2 sasa ilikuja baada ya maelezo ya duara mbili, yaliyokuwa na namba 4. Kwa hiyo namba ziliporudishwa, 4 ikawa 3, na 3 ikawa 4, kwenye matini na kwenye orodha. Mtu akibadilisha upande mmoja tu, msomaji anayetafuta habari ya kuungua atajikuta kwenye makala ya eksirei. Kosa hili hugundulika kwa kusoma tangu mwanzo: kila namba mpya iwe inayofuata, bila kuruka, ingawa ya zamani inaweza kurudi. Baada ya hapo fungua makala mojamoja uhakikishe inasema unachodai.

Ikisiri iliandikwa baada ya hayo yote, bila rejeo hata moja, kwa kuwa husomwa peke yake. Rasimu ilihitimisha kwamba kuchelewa kwa utambuzi "kunasababishwa na" dalili zinazofanana na za koo. Mgonjwa mmoja hathibitishi hilo. Ikaandikwa kwamba kwa mtoto huyu dalili hizo zilifanana na za koo, na kwamba ukingo wa kitu cha duara uchunguzwe kabla ya kukiita sarafu.