Pongezi kwa Uledi wa Boyoma

Msomaji anayetaka kisa cha kweli cha kushika roho, kisicho na damu, asiende mbali. Kipo kwenye maporomoko ya Boyoma, Januari 1877. Aliyekiandika ni msafiri Stanley, lakini pongezi zangu ni za mabaharia wake, Waungwana wa Zanzibar.

Mtumbwi wa Zaidi, mmoja wao, ulipasuka ukingoni kabisa mwa poromoko, akabaki aking'ang'ania kipande chake juu ya mwamba. Uledi, mshika usukani wa mashua Lady Alice, na kijana Marzuki wakajitolea kumwokoa. Wenzao waliufunga mtumbwi mwingine kwa kamba za kekele na za mahema, wakauteremsha polepole kutoka ufukoni, wawili hao wakiwa ndani. Zaidi alirushiwa kamba, akaidaka, na papo hapo maji yakamsomba, naye hakuiachia. Kisha kamba za ufukoni zikakatika. Mtumbwi ukakwama kwenye kisiwa kidogo cha mawe. Uledi na Marzuki wakaruka, wakamvuta Zaidi juu.

Walilala hapo watatu, maji yakinguruma pande zote. Asubuhi zilisukwa kekele nyingine, wakavutwa hadi ufukoni, wazima wote. Stanley alisifika dunia nzima. Kwangu, aliyestahili ni Uledi.