Ukiondoa ule weusi, inabaki picha gani?

Hebu tuitazame picha moja ya mwenzetu wa ikolojia. Aliweka kamera chini msituni, lenzi ikitazama juu moja kwa moja. Lenzi yenyewe ni ya jicho la samaki, milimita 8, inayoona nyuzi 180, yaani anga lote pamoja na miti inayolizunguka, na kulikusanya ndani ya duara. Kwenye fremu ya pikseli 6000 kwa 4000, duara hilo lina upana wa pikseli 4000 hivi. Karibu nusu ya faili ni weusi mtupu. Kwa ajili ya bango la maonyesho, akaukata weusi na kubaki na mraba.

Kama picha ya ukutani, mraba umependeza. Lile tundu la mwanga kati ya majani limeshika jicho, na hujisikii tena kama unachungulia kwenye bomba. Lakini ukiangalia vizuri, utaona mashina yapo kwenye kona nne tu. Mtazamaji atadhani hapo ni uwazi wenye nguzo nne. Si kweli, mashina yalizunguka pande zote.

Sababu ni umbo la mraba. Mraba mkubwa kabisa unaoingia ndani ya duara hilo una upande wa pikseli 2828. Ikiwa lenzi inagawa nyuzi sawasawa toka katikati, kona za mraba zinafika nyuzi 90, kwenye upeo wa macho, ila katikati ya kila upande unaishia nyuzi 64. Mashina yaliyosimama upande huo yameondoka na wembe.

Dawa ilikuwepo, tena rahisi. Picha iliyopigwa kuelekea juu haina juu wala chini, kwa hiyo unaweza kuuzungusha mraba kabla ya kukata, ukachagua miti ipi iangukie kwenye kona. Hapa ule mti mnene kuliko yote umepotea bure, wakati kona moja imebeba kichaka kisichosema kitu.

Kona nyingine ina kipande chembamba cheusi, kama ukucha uliokatwa. Hiyo ni dalili kwamba alipima toka katikati ya fremu, wakati duara la lenzi mara nyingi limekaa pembeni kidogo. Pima kingo za duara lenyewe, kisha punguza pikseli kadhaa zaidi, maana ukingoni kuna utepe wa zambarau na giza.

Na kwenye kupima uwazi wa paa la msitu? Hapo mraba usiguse kabisa. Unahesabu anga kwa nyuzi 90 upande mmoja na 64 upande mwingine, halafu jibu linategemea ulivyouzungusha mkasi. Programu ipewe duara zima, na weusi wake.