Jibu la likizo, neno 'hadi' na Sh2,400 za mwanafunzi wangu

Leo nataka tulihakiki andiko fupi ambalo huenda wewe pia ulilipokea Desemba iliyopita. Si shairi wala riwaya. Ni lile jibu ambalo kompyuta hulituma yenyewe pindi unapoiandikia ofisi barua pepe na wenyewe wamekwenda zao likizoni. Huwa na sentensi nne au tano tu, na pengine ndiyo sababu hatuna desturi ya kuliangalia kwa jicho la mhakiki. Hata hivyo, nimeshuhudia sentensi hizo zikimtoa mtu pesa mfukoni.

Kisa ni hiki. Mwanafunzi mmoja ninayemsimamia alitakiwa kuwasilisha nakala sita za tasnifu yake, zikiwa zimejalidiwa kwa jalada gumu, kufikia Jumatano tarehe 7 Januari 2026, saa kumi na moja jioni. Duka ambalo amelizoea hapa mjini hujalidi kwa Sh800 kila nakala, na kazi huchukua siku mbili. Aliwaandikia Ijumaa tarehe 2 Januari kuuliza watafungua lini. Jibu likamfikia papo hapo, naye akanionyesha:

"Mpendwa mteja, asante kwa kutuandikia. Tuko nje ya ofisi kwa ajili ya sikukuu na tutakuwa tumefungwa hadi tarehe 5 Januari. Tutakujibu mapema mwakani. Kama njia ya kukukaribisha tena, tunakupa punguzo la hadi asilimia 10. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya."

Kabla sijamkosoa mwandishi, nimpe haki yake. Ameandika kwa Kiswahili, jambo ambalo ofisi nyingi kubwa kuliko yake hazijathubutu. Ameanza kwa shukrani, ametaja tarehe, na ametoa takrima. Mpango wa ujumbe ni mzuri. Tatizo liko katika maneno machache aliyoyabebesha mzigo wote.

Nianze na yale mepesi. "Tuko nje ya ofisi" ni Kiswahili, lakini maana yake si ile aliyoikusudia. Ukiniambia uko nje ya ofisi, mimi nitatoka nikutafute kwenye benchi pale mlangoni! Asiyekuwepo husema "sipo ofisini" au "niko likizoni". Nayo "tutakuwa tumefungwa" inatia hofu bure. Watu wakifungwa, ama wamehukumiwa jela ama timu yao imelazwa uwanjani. Kinachofungwa likizoni ni duka au ofisi, kwa hiyo ingetosha kusema "tumefunga duka". Hata hivyo, makosa haya hayamponzi mtu. Msomaji atacheka, ataelewa, na maisha yataendelea.

Lililomponza mwanafunzi wangu ni neno "hadi". Duka limefungwa hadi tarehe 5 Januari. Je, tarehe 5 yenyewe limefunguliwa au limefungwa? Yeye alielewa kwamba limefunguliwa, kwa kuwa tarehe 5 ilikuwa Jumatatu, siku ambayo watu wengi hurejea kazini. Mimi pia, kwa kusema kweli, nilielewa hivyo hivyo. Akapiga hesabu: nikiwapelekea Jumatatu asubuhi, Jumatano mchana nachukua nakala zangu. Alipofika Jumatatu alikuta kufuli. Mlinzi akamwambia kwamba wenyewe wamo ndani wanahesabu mali na watafungua Jumanne. Kwa mwenye duka, kufungwa "hadi tarehe 5" kulimaanisha kwamba hata hiyo tarehe 5 imo ndani ya likizo.

Nani alikosea? Ukipima matumizi ya kila siku, utaona kwamba mwenye duka alikuwa na hoja. Nikisema "soma ukurasa wa 1 hadi wa 5", hutaacha ukurasa wa 5. Nikisema kongamano litakuwepo Jumatatu hadi Ijumaa, Ijumaa utakuja. Hapa "hadi" hukijumuisha kikomo. Lakini nikisema "nitakungoja hadi saa sita", ikigonga saa sita sipo tena. Na mtu akisema "hakula hadi baba aliporudi", basi baba aliporudi alikula. Hapa kikomo ndicho mwanzo wa hali nyingine. Kwa hiyo neno hili lina tabia mbili, na zote mbili ni Kiswahili sanifu.

Wala kubadilisha "hadi" kwa "mpaka" hakutusaidii. Neno "mpaka" ni jina pia, na huo mstari unaotenganisha shamba langu na lako ndio mpaka. Waulize wazee waliowahi kusuluhisha kesi za ardhi wakueleze jinsi watu wanavyogombana kuhusu mti uliomea juu ya mstari wenyewe. Tarehe 5 Januari ilikuwa mti wa aina hiyo.

Dawa yake si kumfundisha kila mteja sarufi. Dawa ni kuacha kutaja siku ya kufunga na kutaja siku ya kufungua, pamoja na jina la siku: "Tutafungua Jumanne, tarehe 6 Januari 2026, saa mbili asubuhi." Sentensi hii haina mlango wa pili. Jina la siku na tarehe huchungana, maana ukikosea moja, kalenda itakuumbua kabla ujumbe haujaondoka. Saa nayo iandikwe kwa maneno na ifuatwe na "asubuhi". Ukiandika tarakimu 8.00 peke yake, yuko atakayesoma saa mbili na yuko atakayesoma saa nane.

Neno la pili lenye hatari ni "mwakani". Mwandishi aliuandika ujumbe wake Desemba, na kwake mwakani ulikuwa mwaka wa 2026. Mwanafunzi wangu aliusoma tarehe 2 Januari 2026. Kwake, mwakani ni 2027! Sisi wanaisimu tunayaita maneno kama haya viashiria vya wakati: kesho, juzi, wiki ijayo, mwezi huu, mwakani. Hayana tarehe ndani yake, bali huchukua maana kutokana na siku ambayo mtu anasema. Tukiwa tumekaa pamoja barazani hakuna shida, kwa sababu leo yangu ndiyo leo yako. Lakini jibu la likizo huandikwa siku moja na kusomwa siku nyingine yoyote ndani ya wiki mbili au tatu, na likizo ya Desemba hulivusha mwaka. Basi kiashiria chochote cha aina hii kifutwe, na mahali pake iwekwe tarehe kamili.

Mitambo yenyewe huuongeza ugumu huu. Katika Gmail, kwa mfano, jibu la likizo lina sehemu iitwayo Last day. Jibu huendelea kutumwa siku hiyo nzima, hadi usiku wa manane (hapa naomba radhi kwa neno "hadi"). Ukiijaza siku utakayorudi badala ya siku ya mwisho ya kutokuwepo, mteja atakayekuandikia asubuhi hiyo ataambiwa umefunga, ilhali umekaa mezani ukimngoja. Na ukiiacha wazi, jibu litaendelea kutoka mpaka ukumbuke kulizima mwenyewe. Nimewahi kutakiwa heri ya Krismasi mwezi Machi. Isitoshe, Gmail haimjibu mtu yule yule kila anapoandika. Akirudia kabla ya siku nne kupita, hapati kitu. Kwa hiyo ujumbe huu una nafasi moja tu ya kueleweka. Mtu hawezi kuuliza, "Ati tarehe ngapi?"

Tuje kwenye takrima. "Hadi" imejitokeza tena: "punguzo la hadi asilimia 10." Mwanafunzi wangu alizidisha nakala sita kwa Sh800 akapata Sh4,800, akatoa Sh480, akapanga kulipa Sh4,320. Alipopiga simu Jumanne aliambiwa asilimia 10 ni ya wenye nakala 20 na zaidi. Wa nakala sita? Hakuna. Si uongo, kwa sababu "hadi asilimia 10" huanzia sufuri. Lakini msomaji huliona tarakimu na hulisahau neno lililotangulia, na mwandishi wa matangazo analijua hilo. Zawadi yenye masharti si kosa. Kosa ni kuyaficha masharti hayo nyuma ya silabi mbili.

Pia niliyatafakari maneno "kukukaribisha tena". Nani aliyeondoka hapa? Mteja hakwenda popote. Waliosafiri ni wenye duka. Katika mila zetu anayerudi safarini ndiye huwaletea zawadi waliobaki, hata kama ni embe mbili na mkate wa njiani. Mwandishi alikuwa na wazo lenye mizizi kwetu, lakini alilivaa kinyumenyume kwa kuwa alilifasiri kutoka tangazo la kigeni. Angesema "tukirudi tutakuja na zawadi yako", kila mtu angetabasamu.

Ningelikuwa mimi, ningeliandika hivi:

"Mteja wetu, barua yako imefika. Tuko likizoni na duka limefungwa. Tutafungua Jumanne, tarehe 6 Januari 2026, saa mbili asubuhi, na siku hiyo ndiyo tutaanza kusoma barua pepe. Tukirudi tutakuja na zawadi yako: ukituletea nakala 20 au zaidi kati ya tarehe 6 na tarehe 16 Januari 2026, siku hizo mbili zikiwemo, tutakupunguzia asilimia 10 ya bei. Sikukuu njema."

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, nakubali. Lakini pima faida. Mwanafunzi wangu angaliisoma hii Ijumaa, angalijua papo hapo kwamba Jumanne ni kuchelewa na kwamba punguzo si lake. Angalikuwa na Jumamosi nzima ya kutafuta fundi mwingine kwa bei ya kawaida. Badala yake alimpata fundi Jumanne adhuhuri, akiwa hana nguvu ya kubembeleza bei, naye alikubali kukesha kwa Sh1,200 kila nakala. Jumla ikawa Sh7,200. Aliwasilisha Jumatano saa kumi alasiri, amechoka na amekasirika. Toa Sh4,800 alizokuwa tayari kulipa, utaona kwamba neno "hadi" lilimgharimu Sh2,400.

Niliporudi ofisini kwangu baada ya mkasa huo, niliangalia tangazo ambalo mimi mwenyewe nililibandika mlangoni kabla ya sikukuu. Lilisema: "Sitakuwepo hadi tarehe 5 Januari." Nililibandua kimyakimya.