Nusu ya barua, hasira yote

Ukurasa wa barua za wasomaji ndio mahali pa kumtazama mhariri mahiri akifanya kazi ambayo watu wengi hawaioni. Tangu gazeti la Mambo Leo lianze kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, wasomaji wa Kiswahili wamekuwa wakiandikia magazeti yao kama wanavyozungumza: mmoja anafoka, mwingine anabembeleza, wa tatu anaandika kama katibu wa kikao. Barua inafika ikiwa na maneno mia nne na nafasi iliyopo ni ya mia mbili. Mhariri anatakiwa aitoe nusu yake, na mwandishi akifungua gazeti asubuhi aseme, "Naam, hii ni yangu."

Nimekaa jirani na watu wanaoiweza kazi hii, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hawaanzi kwa kuchomoa maneno. Asiye na uzoefu hupita mstari kwa mstari akitafuta neno la kutoa hapa na jingine pale. Maneno anayoyaona rahisi kutoa ni yale madogo: hivi, mbona, eti, jamani, basi, labda, kidogo. Ukiyatoa, habari haipungui hata chembe. Kinachopungua ni mtu aliyeandika, kwa kuwa hasira yake na upole wake vimo humo. Na baada ya kuchomoa kote huko barua bado ni ndefu, hivyo inabidi arudi kuikata tena, safari hii ikiwa imekwisha kufa.

Chukua kipande hiki, nilichokitunga kwa kufuata zile barua zinazofika kila wiki:

"Ndugu mhariri, hivi sisi wa mtaa huu tumekosa nini? Gari la taka lilikuja mara ya mwisho kabla ya Ramadhani. Tuliambiwa gari limeharibika, tukasubiri. Tukaambiwa dereva anaumwa, tukasubiri. Tukaambiwa mafuta hakuna, tukasubiri. Lakini siku ya kukusanya ada ya taka, mkusanyaji haugui, wala pikipiki yake haiharibiki, wala mafuta hayamwishii! Tunalipa ada ya nini jamani?"

Hayo ni maneno 52. Mhariri mwenye haraka atayafanya 27 hivi: "Gari la taka halijafika mtaani kwetu tangu kabla ya Ramadhani kwa sababu ya ubovu wa gari, ugonjwa wa dereva na uhaba wa mafuta, ingawa ada inaendelea kukusanywa."

Ni sentensi safi, lakini hakuna anayelalamika ndani yake. Tena kuna kosa kubwa zaidi ya ubaridi. Mwandishi alisema "tuliambiwa". Hakusema kwamba gari lilikuwa bovu kweli. Huyu mhariri ameligeuza "tuliambiwa" kuwa "kwa sababu ya", na visingizio ambavyo mwandishi havisadiki vimekuwa maelezo anayoyakubali. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba sauti ya mwandishi ni pambo na kwamba maana ikibaki inatosha. Hapa vimeondoka vyote viwili kwa pigo moja.

Mjuzi hutazama kwanza barua imejengwaje. Hii imejengwa kwa jozi: kila kisingizio kinafuatwa na "tukasubiri", halafu mwishoni visingizio vinarudishwa kwa mkusanyaji wa ada. Marudio hayo yanaonekana kama ziada, kumbe ndiyo hasira yenyewe, kwa hiyo hayaguswi. Kinachoweza kutoka ni jozi nzima. Mafuta yanaondoka pamoja na jibu lake kule mwisho. Ukitoa kimoja ukaacha kingine, mkuki unabaki bila ncha. Maswali nayo ni mawili na yanauliza jambo lilelile. Linabaki lile la ada, kwa kuwa lina kitu cha kushika mkononi. Matokeo yake:

"Gari la taka lilikuja mwisho kabla ya Ramadhani. Tuliambiwa limeharibika, tukasubiri. Tukaambiwa dereva anaumwa, tukasubiri. Lakini siku ya ada mkusanyaji haugui, wala pikipiki yake haiharibiki! Tunalipa ada ya nini jamani?"

Ni maneno 30, manne zaidi ya nusu. Mjuzi atalipa deni hilo kwingine kwenye barua, pengine kwenye aya ya historia ya mtaa, na hatalilipa kwa kufuta "jamani". Angeweza kuokoa nafasi kwa kuandika "Kabla ya Ramadhani tuliambiwa limeharibika", ila hapo angekuwa amebadili tarehe ya kisingizio, na uhariri hauna ruhusa hiyo.

Barua ya hasira, kwa kweli, inavumilia kisu, kwa sababu ufupi wenyewe una ukali. Ugumu uko kwa mtu mpole. Mzazi ameandika: "Labda mnashughulika na mengi, na sisi tunalielewa hilo, ila tungeomba, mkipata nafasi, taa ya pale kwenye kivuko cha wanafunzi iangaliwe, maana jioni kunakuwa na giza." Ukikata bila kusikiliza utapata: "Rekebisheni taa ya kivuko cha wanafunzi. Jioni kuna giza." Mama wa watu ameamka asubuhi amekuwa mkali kwa viongozi wa mtaa wake, na majirani wanamuuliza amepatwa na nini.

Upole wake ulikuwa katika -nge- ya "tungeomba", katika -ki- ya "mkipata", na katika "iangaliwe", ambayo haimtaji anayepaswa kuangalia. Ulikuwa pia katika "maana", neno linalounganisha ombi na sababu ili ombi lisisimame peke yake likaonekana amri. Mjuzi anaacha hivi: "Tungeomba, mkipata nafasi, taa ya kivuko cha wanafunzi iangaliwe, maana jioni kuna giza." Kutoka maneno 25 hadi 13, na bado ni sentensi moja. Anachotoa ni ule utangulizi wa "labda mnashughulika na mengi", kwa kuwa "mkipata nafasi" tayari inaubeba.

Barua rasmi ndiyo nyepesi kuliko zote. "Kwa heshima na taadhima" inaweza kuwa "kwa heshima", aya nzima ya shukrani kwa wajumbe inaweza kuondoka, mradi "uongozi unasikitika" usigeuzwe kuwa "tunasikitika". Anayesema pale ni ofisi, na ofisi haina "sisi" ya nyumbani.

Dalili ya kwamba kisu kimekwenda vibaya naijua moja ya kuaminika: mhariri anapojikuta akiongeza. Akitia alama ya mshangao ambayo mwandishi hakuitia, au akipachika "kwa masikitiko makubwa", ujue alikwisha kuyafuta masikitiko yenyewe na sasa anayaandikia kibandiko. Wajuzi niliowaona wakikuta hivyo hurudi kwenye barua ya awali, wakaisoma kwa sauti hadi mwisho, kisha wakaisoma iliyokatwa kwa sauti ileile. Mahali sauti inapokataa kufuata ndipo palipokatwa isivyo.

Zipo barua zisizokubali nusu. Mtu anayemwandikia rambirambi rafiki aliyefiwa huenda polepole makusudi. Anataja siku, mahali, chakula walichokula pamoja, na huwezi kusema lipi kati ya hayo ni jozi iliyozidi. Hapo mhariri mwenye adabu humpigia mwandishi simu, akamwambia nafasi iliyopo na kumuuliza angependa kipande kipi kitoke kizima. Mara nyingi mwandishi huchagua kipande ambacho mhariri asingekifikiria.